"Mama, Nitilie!" Maneno yanavyoungwa, yanavyokatwa na yanavyohulutishwa

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Dodoma mjini. Waliokosa kufika wameomba niyaandike yote. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, utani wake ukiwemo. Yaliyokuwa ubaoni sikuyaweka.

Walimu wenzangu, vijana wangu, na ninyi mliotoka Kongwa na Mpwapwa kabla hakujapambazuka: mbukwenyi! Wakubwa, shikamooni. Wadogo, hamjambo?

Nilipokuwa napanda hapa mbele, kijana mmoja ameninong'oneza, "Mwalimu, shika maiki." Nikaishika. Sasa tazameni ratiba mliyopewa mlangoni. Imeandikwa kwamba mwenye swali asubiri kipazasauti. Je, tuna vitu viwili humu ukumbini? Hapana. Kitu ni hiki kimoja, kina majina mawili, na kila jina limeshonwa kwa namna yake. Kipazasauti ni vipande viwili vilivyoungwa: kitu kinachopaza, na sauti. Maiki ni neno refu, maikrofoni, lililopitiwa na mkasi likabaki kichwa. Fundi wa kwanza ametumia uzi, wa pili ametumia mkasi. Yupo na fundi wa tatu, anayekata kwanza kisha akashona. Nitawazungumzia hao watatu, lakini sitawagawia muda sawa, kwa sababu hawana mambo sawa.

Nianze na aliyetumia uzi. Walimu tunamwita mwambatano.

Nani hapa hajawahi kula kwa mamantilie? Inueni mikono. Naona hakuna. Haya, niambieni, mamantilie maana yake nini? Mtanijibu, mwanamke anayepika na kuuza chakula pembeni ya barabara, sokoni, kwenye jengo linalojengwa. Sawa. Lakini lisikilizeni neno lenyewe. Ndani yake hamna chakula, hamna sufuria, hamna kuuza. Mna mtu mwenye njaa amesimama na sahani anasema, "Mama, nitilie!" Nitilie wali, nitilie maharage, niongezee mchuzi. Ni sentensi nzima, ni ombi, tena limetoka kinywani mwa mteja. Siku moja ombi hilo likageuka jina la anayeombwa.

Tulifuate hatua kwa hatua. Kitenzi ni tia. Ukimtilia mtu, unatia kwa ajili yake, ndiyo hiyo -li- iliyoingia katikati. Mbele yake kuna ni-, yaani mimi. Nitilie. Mtu anayesema haraka haimalizii hiyo i ya kwanza. Inamezwa, n inabaki peke yake: ntilie. Mnafanya hivyo kila siku, mnasema "ntakuja" badala ya "nitakuja". Kisha mama na ntilie vikakaribiana mpaka nafasi iliyokuwa kati yao ikafa. Zamani ulipaswa kupumua kidogo baada ya mama, kwa sababu unamwita. Sasa hakuna kupumua. Mkazo mzito ni mmoja tu, nao umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mamantilíe, kama neno lingine lolote la Kiswahili.

Mtaniuliza, Mwalimu, unajuaje kwamba limekuwa neno kweli, si sentensi iliyozoeleka tu? Swali zuri. Mimi nilipata jibu Soko la Majengo. Nilikuwa nakula, mwenye banda ni mwanamume, amejifunga aproni, sufuria zake tatu mbele yake. Akapita mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ndiye babantilie wangu, anazidi wanawake kwa mchuzi." Watu wakacheka, nami nikaacha kijiko. Babantilie! Tazameni kilichotokea. Mzee amechomoa mama, ameweka baba, na ntilie imebaki mahali pake. Kama ntilie ingekuwa bado ni ombi, isingeweza kubaki hivyo, kwa sababu hapo hakuna aliyekuwa anaomba kutiliwa chochote. Ntilie imekwisha kuwa kipande chenye maana yake: habari ya kuuza chakula kilichopikwa. Ukiweza kubadili upande mmoja wa neno na upande wa pili ukakuelewa, hapo pameshonwa.

Kipimo cha pili ni wingi. Nendeni stendi ya Nanenane. Nani anakupokea mlangoni? Mpigadebe. Anapiga debe gani? Hakuna debe. Anapiga kelele. Sasa wakiwa kumi, wanaitia abiria mabasi kumi, tunawaitaje? Wapigadebe. Hatusemi wapigamadebe. Mbele inabadilika, nyuma imeganda. Hiyo ndiyo dalili: debe halihesabiki tena kama debe, limeyeyuka ndani ya neno.

Na hapo hapo mtazameni mpiga. Kwa nini hatusemi mpigajidebe? Tunaye mchezaji, tunaye msomaji, tunaye mpigaji. Lakini kitendwa kikimfuata bila kiunganishi, ile -ji inaanguka: mpigaji wa picha, lakini mpigapicha. Msemaji wa kweli, lakini msemakweli. Wanafunzi wangu, mkiona hiyo -ji haipo na wa haipo, jueni uzi umeshapita. Kama mnaandika kwa nafasi katikati au bila nafasi, hilo ni jambo la mwandiko, na magazeti yenyewe hayakubaliani. Mimi siwezi kumnyima mtoto maksi kwa nafasi moja wakati sikio limeshaamua.

Lakini msibebe kipimo hicho kama msumeno. Mwenyekiti akiwa zaidi ya mmoja ni wenyeviti, pande zote mbili zimebadilika. Mjamzito, wajawazito. Mwanamke, wanawake. Hapo vipande vimeungwa lakini kila kimoja bado kinajihesabu. Na mwenyeji? Lilikuwa mwenye mji, na m ya mji imepotea katika mshono. Wingi wake ni wenyeji tu. Kwa hiyo mwambatano wenyewe una umri. Kuna uliofungwa jana, kuna uliofungwa enzi za mababu.

Lililofungwa juzi juzi mnalipanda. Mwendokasi. Mwendo, na kasi. Mabasi ya Dar es Salaam yalipoanza mwaka 2016, karatasi za serikali ziliyaita mabasi yaendayo haraka. Hesabuni silabi: ya-e-nda-yo-ha-ra-ka, saba, na mabasi bado. Watu wakasema mwendokasi. Treni ya umeme ilipofika hapa Dodoma mwaka 2024, nayo ikarithi jina: treni ya mwendokasi. Nawaomba msikilize jambo moja dogo ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Mwendo peke yake tunasema umekuwa mrefu, mwendo umenichosha. Lakini kituoni mtu anasema, "Mwendokasi imejaa." Imejaa! Kwa nini si umejaa? Kwa sababu anayesema haoni mwendo, anaona basi au treni. Ulimi umekubaliana na kitu, haukukubaliana na herufi. Mwanafunzi akiandika "mwendokasi imechelewa" kwenye insha, fikirini kwanza kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Haya, tumwache mwenye uzi. Tumwendee mwenye mkasi.

Shangazi yangu alikuwa mtu wa Bahi, mwembamba kama ufito, na unene wa watu wa mjini ulimshangaza siku zote. Siku ya kwanza kupanda daladala hapa mjini alikaa karibu na mlango. Kijana nyuma yake akapaza sauti, "Konda, hapa hapa! Konda!" Shangazi akageuka, amekasirika: "Mwanangu, nikonde mara ngapi?"

Mnacheka. Lakini hapo shangazi ametoa somo zima. Konda ni kondakta aliyekatwa mkia. Tunasema ukatizaji. Mkasi umeacha silabi mbili za mbele, ko-nda, umetupa zilizobaki. Na kipande kilichobaki kimeangukia mahali palipokwisha kukaliwa na neno lingine, konda, kupungua mwili. Hiyo ndiyo hasara ya mkasi. Ukiunga maneno mawili huwezi kugongana kirahisi na neno la zamani, kwa sababu umeongeza urefu. Ukikata, unarudi kwenye maneno mafupi, na huko pamejaa. Kinachotuokoa ni mahali. Ndani ya daladala hakuna anayedhani abiria ametoa amri ya kupunguza mwili, isipokuwa aliyetoka Bahi leo asubuhi.

Mkasi unaachaje mbele na kutupa nyuma? Mara nyingi ndivyo. Morogoro ni Moro. Kilogramu ni kilo. Hilo la kilo lisimamieni kidogo, maana msimu wa zabibu mnalisema mara mia kwa siku. "Kilo shilingi ngapi?" Kilo asili yake ni elfu tu, haina uzito wowote. Uzito ulikuwa kwenye gramu, ndiko mkasi ulikopita. Kilomita nayo imeanza na kilo ile ile. Lakini nikikwambia kutoka hapa mpaka Chamwino ni kilo thelathini, utaniuliza kilo za nini. Aliyetangulia kukaa kwenye kiti ndiye mwenye kiti. Kilo ilikwisha kuwa ya mizani, kilomita ikabidi ibaki ndefu.

Na mara nyingine mkasi unafanya kinyume, unatupa mbele na kuacha mkia. Basi mlilopanda kuja hapa ni mkia mtupu. Neno la Kilatini lilikuwa omnibus, maana yake ni kwa ajili ya wote. Wazungu wakakata, wakabaki na kile kipande cha mwisho, ambacho kwenyewe kilikuwa kiambishi tu, hakikuwa na maana ya gari wala ya safari. Sisi tukakipokea kikiwa kimeshakatwa, tukakiongezea i ili kimalizike kwa irabu. Basi. Nalo, kama konda, likaangukia mahali penye mwenyewe: basi, yaani imetosha. "Basi, basi limefika." Mtoto wa miaka mitatu anasema hivyo na hachanganyikiwi.

Sasa la nyumbani. Nani ananiambia Dom ilikatwaje?

Naona mikono, tena mingi. Msikimbilie. Dodoma ina silabi tatu: Do, do, ma. Ukiacha mbele kama Moro, utapata Dodo, na hiyo ni embe. Ukiacha nyuma kama basi, utapata Doma. Dom si hii wala ile. Wapo wanaosema kwamba katika do mbili moja ilionekana ya ziada, ikatolewa, ikabaki Doma, kisha a ikaanguka. Mimi naona vingine. Litamkeni polepole: Dodóma. Nguvu imekaa wapi? Kwenye do ya pili. Mkasi umekuja pande zote mbili, umetupa Do ya mbele, umetupa a ya nyuma, ukaacha penye nguvu. Na m iliyobaki mwishoni haikutusumbua, kwa sababu katika Kiswahili m ndiyo konsonanti iliyozoea kusimama bila irabu. Tunayo kwenye mtu, tunayo kwenye mto. Mwenye maelezo ya tatu anione nje.

Kabla sijaondoka hapa, jambo moja la haraka, kwa sababu mji huu ni wa Bunge na karatasi zake zimejaa "Mhe." na "Dkt." Hayo si maneno yaliyokatwa. Hakuna aliyewahi kusimama akasema, "Nakushukuru, Mhe." Anasema Mheshimiwa, neno zima. Kilichokatwa ni wino tu, kinywa hakikuguswa. Konda limekatwa kinywani, ndiyo maana ni neno. Kwenye mtihani naona wanafunzi wanaviweka kapu moja kila mwaka.

Wa mwisho ni yule anayekata kisha akashona: uhulutishaji. Hapa nitaanza na aibu yangu.

Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni nimejaa maneno. Nikafika jioni kwenye nyumba ya wageni ya mji mmoja mdogo kwenye njia ya Singida. Nikamkuta binti wa mapokezi. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha chuoni, "Dada, chajio kipo?" Akaniangalia. Akaingia ndani. Nikasikia anauliza uani, "Kuna mgeni hapa anaitwa Chajio?" Akarudi: "Samahani mwalimu, huyo bado hajafika."

Nililala na njaa? Hapana, nilisema "nataka kula", nikaletewa ugali. Lakini nimelifikiria swali hilo miaka yote hii. Chajio limetengenezwa kwa utaratibu mzuri kabisa: chakula cha jioni, ukate cha, ukate jio, uunge. Silabi saba zimekuwa tatu. Vitabu vinalifundisha, mtihani unaliuliza. Kwa nini binti hakulijua?

Sababu ya kwanza ni vipande vyenyewe. Cha peke yake inakukumbusha nini? Inaweza kuwa chakula, chama, chai, chandarua. Haikuelekezi. Na jio? Hiyo ni jioni iliyovuliwa mkia wake, na ilipovuliwa ikafanana na ujio, kuja kwa mtu. Pengine ndiyo maana binti alidhani kuna mtu anayekuja! Ukikata, lazima uache kipande ambacho msikilizaji ataweza kukitambua mwenyewe, bila kufundishwa.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Nyumbani kwenu, usiku, mnasema "chakula cha jioni kipo tayari"? Semeni kweli. Mnasema, "Njooni tule." Mnaulizana, "Umekula?" Lile jina refu lenyewe halikai vinywani, linakaa kwenye ratiba za shule za bweni na mialiko. Umefupisha kitu ambacho hakuna aliyechoka kukisema. Mkasi unafuata uchovu wa ulimi. Pasipo na uchovu, kilichokatwa kinabaki mezani.

Linganisheni na Ukimwi. Ugonjwa huo ulipokuja ulihitaji jina, tena watu walitakiwa kulisema kila mahali, redioni, kliniki, msibani. Upungufu wa kinga mwilini. Silabi kumi. Hilo linachosha, na linasemwa kila siku. Kila neno likatoa silabi yake ya kwanza: u, ki, mwi. Wa ikaachwa nje, haina mzigo. Angalieni kwamba hawakuchukua herufi za mwanzo. Wangechukua herufi tungepata UKM, ambayo hakuna koo la Mswahili linaloipitisha. Walichukua silabi, na silabi zetu zinaishia kwa irabu, kwa hiyo zikakaa pamoja bila kugombana. Na ile u ya mbele ikafanya kazi nyingine ambayo sidhani kama kuna aliyeipanga: ikaliingiza neno kwenye ngeli yake. Malaria imeenea, kipindupindu kimeenea, Ukimwi umeenea. Wapo walimu watakaosimama waniambie hicho ni kifupisho cha silabi, si uhulutishaji kamili. Sina ugomvi nao. Mpaka kati ya viwili hivyo ni kama mpaka wa mashamba ya ndugu, kila msimu unasogea.

Na mfano bora kuliko wote mmeubeba kwenye vitambulisho vyenu. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili ziliungana, na kwa miezi kadhaa jina lilikuwa refu, Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Oktoba mwaka ule ule likaja Tanzania. Tan kutoka bara, Zan kutoka visiwani, na ia ya kumalizia, kama majina mengi ya nchi.

Sasa fanyeni pamoja nami. Tugawe silabi, kwa sauti. Ta! Nza! Ni! A! Mmesikia? Iko wapi Tan? Haipo! Nimesema Tan ni kipande cha kwanza, lakini mmekigawa wenyewe na mmesema Ta. Ile n ya Tanganyika imehama, imeenda kushikana na z ya Zanzibar, zimekuwa nza, silabi moja. Hata ile n ya pili imehama, imekwenda kwenye ni. Fundi alikata Tan na Zan, lakini kinywa cha Mswahili kilipolipokea vazi kililifumua na kulishona upya kwa kanuni zake, na mshono ukaingia katikati ya silabi, mahali ambapo jicho linauona lakini sikio haliuoni. Kwenye chajio mshono uko wazi kabisa: cha, kisha jio. Sisemi ndiyo sababu pekee lile likashindwa na hili likadumu. Jina la nchi lina dola nyuma yake, lina pasipoti, lina timu ya mpira. Chajio lina ratiba ya bweni tu. Lakini nikitaka kujua kama neno lililohulutishwa limepona kidonda chake, mimi huwapa watoto wadogo waligawe silabi, kisha nasikiliza wanakata wapi.

Muda wangu umekwisha, naona mratibu ananionyesha saa. Yule binti wa safu ya nne ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye Dom, na uso wake unaonyesha hakubaliani nami hata kidogo. Simama, mwanangu. Kijana, mpelekee hii... mpelekee maiki.